Baraza la mji limetufutia Mkwajuni, likatubandikia "Kisasa"

Mkuna Nazi: Assalamu alaykum. Nina hasira, mtaniwia radhi.

Mji wetu hapa Pemba umejengewa stendi yenye soko ubavuni. Jengo zuri, sina neno. Lakini juzi kimepandishwa kibao: KITUO CHA KISASA CHA MABASI NA SOKO. Pahala pale, tangu babu zetu wakishuka na magunia ya karafuu, panaitwa Mkwajuni. Mkwaju wenyewe umekatwa kupisha njia ya magari, tukanyamaza. Sasa na jina nalo?

Alhamisi iliyopita mkanda wa mashine yangu ya kukunia nazi ulikatika. Ndugu yangu kanunua mwengine Darajani, kaupakia kwenye boti, na juu ya boksi kaandika kama kibao kilivyo: "Kituo cha Kisasa". Kijana wa bodaboda kaupokea bandarini, kaupeleka stendi ya zamani. Si kosa lake. Ile nayo ilipokarabatiwa iliandikwa "kisasa" ukutani, rangi imebanduka lakini neno linasomeka. Mkanda umelala kule hadi Ijumaa jioni, na Ijumaa ndiyo siku nyumba nzima nzima zinapika wali wa nazi. Wateja wananipita na nazi zao mikononi, mimi natazama tu.

Nikenda ofisini kwao. Jibu: jina lazima "lisiegemee upande". Jamani, mkwaju una chama gani?

Utingo Mstaafu: Jina refu halipigiwi debe, kaka. "Kwajuni-Kwajuni-Kwajuni" unalimaliza gari haijasimama. Hicho kibao ukikisoma chote abiria keshapanda gari ya mwenzio. Ila msijisumbue, jina hutoa serikali na watu tunafuata, kama Darajani tulivyofuata.

Karani wa Zamani: Utingo, la debe umesema kweli. La Darajani ni kinyume chake. Jengo lile la marikiti ni la 1904, na jina lake rasmi lilikuwa Estella. Nani analitaja leo? Watu walishika daraja lililovuka Pwani Ndogo, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yakafukiwa, daraja halipo, jina lipo. Hata hospitali ya Mnazi Mmoja baada ya Mapinduzi iliitwa V. I. Lenin, na leo ni Mnazi Mmoja.

Mkuna Nazi, wala sidhani kama kuna aliyekaa akalichagua jina hilo. Nimeshika makaratasi haya miaka. Mwandishi wa zabuni anahitaji kichwa cha habari, anaandika "ujenzi wa kituo cha kisasa". Mkandarasi anakinakili kwenye bango la mradi, fundi wa kibao anakitoa kwenye bango. Kisha kinaingia kwenye mikataba ya vizimba na risiti za ushuru, na hapo kukitoa ni gharama na ugomvi. Kwa hiyo muulize diwani wako jambo moja: kuna kikao kilichopitisha jina hili, na muhtasari wake uko wapi? Kama hakuna, hilo ni jina la mradi tu. Andikeni barua mpitishie kwa sheha kabla mikataba haijasainiwa.

Hofu ya baraza, hata hivyo, naijua. Kwetu ukitaja jina la mtu, kesho wa upande wa pili wanauliza mbona si wao. Ndipo wakakimbilia neno lisilo na mwenyewe. Kosa ni kuutia mti kwenye fungu la watu.

Mama Tungule: Na mimi jina langu niliandikisha tangu Shaabani, kwenye orodha silioni. Vizimba vinagaiwa lini?

Mkuna Nazi: Mama, hapa tunazungumza jina la stendi.

Mama Tungule: Stendi hata muiite Mbuzi. Mimi nataka kizimba kisichovuja.

Wa Kaskazini A: Mkwajuni ipo na huku kwetu Unguja, tena ndiyo inayojulikana. Mzigo ukiandikwa Mkwajuni mtupu utakuja kwetu.

Mkuna Nazi: Mzigo uliomo kwenye boti ya Pemba utakuja kwenu kwa njia gani? Ila kwenye ramani za simu una haki. Basi "Stendi ya Mkwajuni", na jina la mji mbele yake. Neno "stendi" silikatai, nakataa liachwe peke yake.

Mjukuu wa Mvuvi: Samahani, mnasema Mkwajuni kama tumekubaliana. Bibi yangu hasemi hivyo katu. Kwake pale ni Mnadani, samaki walinadiwa pale kabla huo mkwaju haujatoa kivuli cha kukaa mtu. Mtaandika kumbukumbu ya nani?

Karani wa Zamani: Hilo sina jibu lake. Naona liingie kwenye barua, wasije wakalitumia kuwapinga.

Mkuna Nazi: Sikulijua hilo, wallahi. Diwani kaniambia niende Jumatatu baada ya adhuhuri. Mjukuu, bibi yako anaweza kutembea, au nije na bajaji?