Viungo vya ujumbe vinafunguka pasipotakiwa: kubadilisha kivinjari, kuzima programu moja moja, au kurejesha mapendeleo yote?

Mwanagenzi

Wanajukwaa, salaam. Natumia simu yenye Android 13, na kwa majuma mawili sasa viungo ninavyotumiwa katika ujumbe vimekuwa vikifunguka mahali nisipotaka. Kiungo cha tovuti ya kawaida hufunguka katika kivinjari cha pili nilichosakinisha kwa majaribio tu, ilhali alamisho na manenosiri yangu yote yamo katika Chrome. Kiungo cha video hunipeleka moja kwa moja kwenye programu ya video, ambayo imeingia kwa akaunti ya mwanangu, nami sitaki nitazamacho kichanganyike na chake. Tena kuna programu moja ya mazungumzo ambayo hufungua kila kiungo katika ukurasa ulio humo humo ndani, na ukurasa huo huniomba niingie upya kwenye akaunti zangu kila mara.

Nimeona njia tatu zikitajwa: kubadilisha kivinjari chaguomsingi, kuzima ufunguaji wa viungo katika programu inayohusika, na kurejesha mapendeleo ya programu zote kwa mpigo mmoja. Naomba mnilinganishie kabla sijagusa kitu, kwa kuwa simu hii ndiyo ninayofanyia kazi.

Mzee_Simu

Ndugu Mwanagenzi, usijisumbue na mawili ya kwanza. Nenda kwenye mipangilio, fungua orodha ya programu zote, gusa vitone vitatu vilivyo juu, kisha uchague "Reset app preferences". Hatua hiyo haifuti picha, ujumbe wala akaunti yoyote. Ukimaliza, simu itakuwa imesahau machaguo yako yote ya zamani, na kila utakapogusa kiungo itakuuliza ukifungue wapi, nawe utachagua "Always" kwa unayemtaka. Mimi nimefanya hivyo katika simu nne kwa miaka mingi na sijawahi kujuta.

Fundi_Kimya

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli kwamba hatua hiyo haifuti data, lakini lile swali la "Always" unalolisubiri halitatokea katika simu ya ndugu huyu. Lilikuwapo katika matoleo ya zamani. Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, kiungo cha wavuti kina njia mbili tu: ama kuna programu iliyothibitishwa kuwa ni ya tovuti hiyo, au iliyoruhusiwa na mwenye simu, na kiungo huenda huko bila kuuliza, ama hakuna, na kiungo huenda kwenye kivinjari chaguomsingi, vilevile bila kuuliza. Uthibitisho huo hautokani na chaguo lako. Mwenye tovuti huweka katika tovuti yake faili iitwayo `assetlinks.json` inayoitaja programu yake, na simu huisoma faili hiyo programu inaposakinishwa.

Ndiyo maana nasema, ndugu Mwanagenzi, kwamba hujaeleza tatizo moja bali matatu, na kila moja lina chanzo chake. Ukitumia dawa moja kwa yote matatu utashangaa kuona mojawapo limebaki pale pale.

La kwanza, la kivinjari kisicho chako, ndilo jepesi zaidi. Vivinjari vingi vinapofunguliwa kwa mara ya kwanza huomba viwe chaguomsingi, na ni rahisi kukubali bila kusoma. Fungua mipangilio ya simu, ingia "Apps", kisha "Default apps", kisha "Browser app", uchague Chrome. Huna haja ya kukiondoa kile cha pili.

La pili, la video, halihusiani na kivinjari chaguomsingi hata kidogo, kwa kuwa programu iliyothibitishwa hutangulia kivinjari chochote. Hapa inafaa njia ya programu moja moja. Bonyeza ikoni ya programu ya video kwa muda, fungua taarifa zake, uingie "Open by default". Utaona swichi ya "Open supported links" na, chini yake, idadi ya anwani zilizothibitishwa. Ukizima swichi hiyo, viungo vya anwani hizo vitarudi kwenye kivinjari. Zingatia kwamba swichi huzihusu anwani zilizothibitishwa zote pamoja. Huwezi kuizuia moja na kuiacha nyingine. Katika baadhi ya simu sehemu hiyo huitwa "Set as default", lakini kazi ni ile ile.

La tatu halimo katika mipangilio ya simu. Programu ya mazungumzo inapofungua ukurasa ndani yake yenyewe, kiungo hakijatoka nje hata kidogo, hivyo simu haijaulizwa lolote. Kabla ya kulaumu, tazama ukurasa huo ni wa aina gani. Gusa vitone vitatu vya ukurasa wenyewe: ukiona maneno "Running in Chrome", basi ni Chrome iliyovalishwa sura ya programu hiyo, na akaunti zako zitakuwa humo tayari. Usipoyaona, na hasa kwa kuwa unaombwa kuingia upya, basi ni dirisha la programu yenyewe, lenye vidakuzi vyake visivyoshirikiana na kivinjari chako. Tafuta katika mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya mazungumzo au ya vyombo vya habari, swichi ya kufungua viungo nje.

Salma_wa_Pili

Nimefuata maelezo ya Fundi hatua kwa hatua, lakini katika simu yangu sehemu ya "Open by default" haipo kabisa. Natumia iPhone. Nami pia viungo vya duka moja la mtandaoni hunipeleka kwenye programu yao, na programu hiyo haionyeshi sehemu ya ukurasa ninayoihitaji. Je, nimekosea wapi?

Fundi_Kimya

Dada Salma, hujakosea. Hatua zile ni za Android. Katika iPhone, kivinjari chaguomsingi kinaweza kubadilishwa tangu iOS 14 ya mwaka 2020, lakini hakuna swichi ya jumla ya kuizuia programu isipokee viungo vya tovuti yake. Unachoweza kufanya ni kubonyeza kiungo kwa muda ndani ya ujumbe bila kukiachia, hadi menyu itokee, kisha uchague kukifungua katika kivinjari badala ya programu. Mara nyingi simu hulikumbuka chaguo hilo kwa tovuti ile. Ukitaka kurudi kwenye programu, bonyeza vivyo hivyo na uchague kinyume chake. Ikishindikana, nakili kiungo na ukibandike kwenye upau wa anwani wa Safari. Anwani iliyobandikwa huko haikurushi kwenye programu.

Karani_Tulivu

Naomba niongeze jambo kuhusu njia ya tatu, kwa sababu iliwahi kuniumiza. Ni kweli kwamba "Reset app preferences" haifuti data, na kwa sababu hiyo watu huiona haina madhara. Lakini pamoja na machaguo ya viungo, hurejesha pia programu ulizokuwa umezilemaza, arifa ulizokuwa umezizima, vizuizi vya matumizi ya data chinichini, na vizuizi vya ruhusa. Mimi nilikuwa nimezuia data ya chinichini kwa programu zipatazo kumi, nikazilemaza nyingine tano zilizokuja na simu. Nilirejesha mapendeleo jioni moja kwa ajili ya kiungo kimoja tu cha ramani, na kesho yake saa sita mchana kifurushi changu cha data kilikuwa kimekwisha. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka nilikuwa nimezima nini, maana simu haiweki orodha ya yale iliyoyarejesha. Aliyekwisha kuipanga simu yake kwa makini, na aanze kwa kupiga picha za skrini za mpangilio wake wa sasa.

Kwa wanaohudumia simu nyingi na wana kompyuta karibu, kuna njia ya kujua hali bila kubahatisha. Washa utatuzi wa USB, kisha:

```
adb shell pm get-app-links --user cur com.example.video
adb shell pm set-app-links-allowed --user 0 --package com.example.video false
```

Amri ya kwanza huorodhesha anwani za programu na kuonyesha zipi ni `verified`. Ya pili huzima swichi ile ile aliyoitaja Fundi. Badilisha jina la mfano liwe la programu yako. Amri hizi ni za Android 12 na kuendelea.

Mzee_Simu

Nashukuru kwa kusahihishwa kuhusu lile swali la "Always". Simu zangu zote nne zilikuwa za matoleo ya nyuma. Hata hivyo bado naona njia yangu ina mahali pake. Mtu aliyenunua simu iliyokwisha kutumika, asiyejua mwenye kwanza alibadilisha nini na wapi, atazunguka programu moja moja hadi lini?

Karani_Tulivu

Kwa mtu huyo nakubaliana nawe, Mzee, ingawa simu ya namna hiyo ningependa kuifuta yote kabla sijaingiza akaunti yangu.

Mwanagenzi

Narudi na majibu. Nilianza na kivinjari, na tatizo lilikwisha papo hapo. Nakumbuka sasa kwamba kile cha pili kiliniomba kitu siku ya kwanza, nami nikagusa kitufe cha kukubali ili niendelee.

Kwa video, niliikuta swichi ikiwa imewashwa, pamoja na anwani kadhaa zilizothibitishwa. Nimeizima, nikajitumia kiungo kwa ujumbe, kikafunguka katika Chrome kama nilivyotaka. Lakini ndani ya ukurasa kuna kitufe kikubwa cha kufungua programu, na nikikigusa kwa bahati mbaya narudi kule kule kwenye akaunti ya mwanangu. Je, swichi haikihusu?

Kwa programu ya mazungumzo, menyu ya ukurasa haina yale maneno ya Chrome, na katika mipangilio yake nimetafuta swichi ya kufungua viungo nje nisiione. Kilichopo ni chaguo la kufungua katika kivinjari ndani ya menyu ya kila ukurasa, ambalo nalazimika kuligusa kila mara.

Fundi_Kimya

Swichi haikihusu kitufe hicho, ndugu yangu. Kitufe cha namna ile kwa kawaida hakitumii kiungo cha kawaida cha wavuti, bali huiita programu kwa jina lake, na wito huo haupiti kwenye uthibitisho tuliouzungumzia. Ukitaka kukikomesha kabisa, ilemaze programu ya video, jambo ambalo nadhani mwanao hatalipenda. Na ikiwa siku moja utaiondoa na kuisakinisha upya, kagua swichi tena, kwa kuwa hurudi ikiwa imewashwa.

Kuhusu programu ya mazungumzo, kama waliotengeneza hawakuweka swichi, hakuna mpangilio wa simu utakaoilazimisha. Njia ninayoitumia mimi ni kubonyeza kiungo kwa muda, kukinakili, na kukibandika katika Chrome, na hasa pale ambapo ukurasa unadai nenosiri: sipendi kuandika nenosiri katika dirisha ambalo mmiliki wake ni programu nyingine.

Salma_wa_Pili

Kubonyeza kwa muda kumefanya kazi katika ujumbe wa kawaida, na simu imelikumbuka chaguo. Kiungo kile kile kikija kwa barua pepe bado kinafungua programu ya duka. Nimejaribu mara tatu.

Mwanagenzi

Dada Salma, angalia anwani yenyewe kabla ya kugusa. Katika barua pepe zangu, viungo vya matangazo huanza na anwani nyingine ya kuhesabu wasomaji kabla ya kufika kwenye tovuti halisi. Sijui kama ndiyo sababu kwako, lakini ingefaa uzilinganishe hizo mbili na kutuandikia unachokiona.