Tupeane uzoefu: kutunga kifungu kipya cha ufahamu na maswali yanayopanda ngazi, darasa la tano hadi la saba

Mwalimu wa Ujiji: Habari zenu, walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Kigoma. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitoa ufahamu katika vitabu vile vile, hata wanafunzi wakawa na majibu kabla sijamaliza kugawa karatasi. Juzi nilitunga cha kwangu, nacho kilikuwa na aya hii:

«Jua lilipozama, Neema alisimama ufukweni akahesabu taa za wavuvi. Zilikuwa nne tu, ilhali juma lililopita alishindwa kuzimaliza. Mama alilikunja turubai la kuanikia akasema, "Kesho hatuna dagaa." Bibi hakujibu. Alikuwa akiutazama mwezi mpevu uliochomoza ng'ambo ya ziwa.»

Nikauliza maswali matatu. La kwanza: Neema aliona taa ngapi? La pili: kwa nini mama alisema kesho hawatakuwa na dagaa? La tatu: unadhani bibi alikuwa akiwaza nini? Karibu darasa zima lilipata la pili, ambalo mimi nililihesabu kuwa gumu. Nilifurahi, ila furaha yenyewe imeanza kunitia shaka. Wenzangu mmewahi kukutana na jambo la namna hii?

Mama Kalamu, Tabora: Mwanangu, shaka yako ina msingi. Kabla sijastaafu nilikuwa na desturi moja: kila kifungu nilichotunga, niliwapa kwanza wanafunzi kumi wa mkondo mwingine maswali matupu, bila habari yenyewe. Swali ambalo wengi walilijibu hivyo nililifuta, hata kama nilikuwa nimelipenda, kwa sababu lilikuwa linapima kitu kingine, si usomaji. Jaribu hivyo, kisha urudi utuambie.

Mwalimu Kijana: Naomba kuchangia. Kwa uzoefu wangu, ngazi za maswali zinajengwa na vitenzi. Ukianza na «taja» na «orodhesha», halafu ukapanda hadi «eleza», ukamalizia na «chambua» na «tathmini», maswali yanakuwa yamepangika yenyewe kutoka mepesi hadi magumu. Mimi huwa na orodha ya vitenzi mezani.

Mama Kalamu, Tabora: Orodha hiyo si mbaya, kijana wangu, hukumbusha mtu asiulize «taja» mara tano. Lakini kitenzi hakibebi uzito wa swali. Ukiandika «chambua idadi ya taa alizoziona Neema», jibu linabaki kuwa nne. Mimi nilikuwa nikiangalia jibu liko wapi. Kama liko katika sentensi moja na maneno yake ni yale yale ya swali, hiyo ni ngazi ya chini, na mtoto anaweza kulinakili bila kuelewa neno hata moja. Kama lazima aunganishe sentensi mbili zilizoachana, amepanda. Kama habari haikulisema popote ila imeacha dalili, na mtoto anatakiwa kuionyesha dalili hiyo, hapo ndipo juu. Kwa hiyo maswali ya juu hayaongezwi baada ya habari kukamilika, kwa kuwa dalili lazima uzifiche humo wakati unaandika.

Mzazi wa Kasulu: Samahani walimu, mimi si mwalimu. Mwanangu yuko darasa la pili na bado anasoma silabi moja moja. Je, maswali haya yanaweza kumsaidia?

Mwalimu wa Ujiji: Karibu, mzazi. Hapa tunazungumzia watoto ambao kusoma kwenyewe wameshakujua. Huyo wako bado ana hatua kabla ya hiyo, na ni vizuri ukamwona mwalimu wake.

Mlinanyuki wa Sikonge: Na mimi nina langu. Hufundisha nusu siku, nusu siku niko kwenye mizinga. Niliandika habari ya babu aliyetundika mzinga juu ya mti katika miombo, akakaa miezi bila kuupata ugeni wa nyuki. Mwanafunzi mmoja aliyehamia kutoka mjini aliandika kwamba babu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Nilicheka, kisha nikaona kosa ni langu: aya nzima haikuwa na neno nyuki wala asali hadi mwisho, na yeye mzinga aliokuwa akiujua ni ule unaopigwa siku za sherehe. Tangu hapo naona ni bora kuandika mambo yasiyo ya mahali popote, kama safari ya basi au duka.

Mama Kalamu, Tabora: Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Ungeweka «nyuki» katika sentensi ya pili, neno mzinga lingekuwa swali zuri la msamiati, kwani mtoto angelazimika kuchagua maana kutokana na habari.

Mwalimu wa Ujiji: Nimerudi. Nilifanya kama Mama Kalamu alivyoelekeza. Kati ya watoto kumi ambao hawakuiona habari, saba waliandika kwamba wavuvi hawaendi ziwani kwa sababu ya mwezi. Bila shaka wanajua: dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mtoto wa Katonga hulijua hilo kabla ya kujua kusoma, ilhali mtoto wa bara angekosa swali hilo hata akiwa msomaji hodari kuliko wote.

Kuna aibu nyingine. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza: «Mwalimu, jua linatua ng'ambo, sasa mwezi mpevu umechomozaje huko huko?» Ni kweli tupu. Jioni mwezi mpevu hutokea mashariki, nyuma yetu, wala si juu ya milima ya Kongo. Nimeishi hapa maisha yangu yote na nimeandika upuuzi.

Basi nimeibadilisha aya:

«Jua lilipozama, Neema alisimama ufukweni akahesabu taa za wavuvi. Zilikuwa nne tu, ingawa ulikuwa usiku wa giza, usiku ambao ziwa huwaka taa kama mji. Nyuma yake bati la jikoni liligonga, likanyamaza, likagonga tena. Mama alilikunja turubai la kuanikia akasema, "Kesho hatuna dagaa." Bibi hakujibu. Kaka yake Neema alikuwa katika mmoja wa mitumbwi ile minne.»

Swali la pili limebaki vile vile, ila sasa anayejibu kwa mazoea huandika «mwezi», na anayesoma huandika «upepo». Jibu lenyewe la kosa linaniambia mtoto alikosea wapi. La tatu nimelifanya hivi: kwa nini bibi hakujibu? Taja sentensi iliyokuonyesha.

Mama Kalamu, Tabora: Hilo la tatu sasa lina mguu wa kusimamia. Andika mwongozo wa kusahihisha kabla ya kuligawa. Mtoto akisema bibi alikuwa na hofu kwa ajili ya mjukuu wake, mpe alama zote. Akisema alikasirika kwa kukosa dagaa, je? Amua leo, si ukiwa na karatasi 80 mezani. Pia angalia swali moja lisifichue jingine. Niliwahi kuuliza katika swali la tano, «upepo huo mkali ulisababisha nini?», nikawa nimewapa jibu la swali la pili bure.

Mwalimu Kijana: Na makosa ya tahajia, Mama? Mtoto akiandika «upebo»?

Mama Kalamu, Tabora: Mimi sikukata alama, kwa kuwa nilikuwa napima kusoma.

Mlinanyuki wa Sikonge: Mimi hukata nusu. Nisipokata, mwisho wa mwaka naletewa insha zisizosomeka.

Mwalimu wa Ujiji: Shuleni kwetu tuko wanne na hatujakubaliana. Kesho nawapa mkondo wa pili aya mpya, maswali matupu kwanza.