Benki imekalia shilingi zangu tangu mwezi wa tatu, sasa wamenikata LC kwa reti ya Ijumaa wakati dola zilitoka Jumanne!!

PampuZaKisima:
Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja maana nimetoka benki sasa hivi na damu inachemka.

Mimi naagiza pampu za visima kutoka India, mzigo unapakiwa Nhava Sheva unashukia Dar. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2024 huyu jamaa anayeniuzia akakataa kabisa habari za kutumiwa hela kawaida, akataka LC, yaani barua ya benki ya kudhamini malipo, dokumenti zikifika ziko sawa benki inalipa hapo hapo, dola 48,000. Nikaenda benki yangu, jina siliweki hapa. Wakaniambia wewe huna kikomo cha mkopo kwetu kwa hiyo weka hela taslimu asilimia 110. Siku hiyo ubao wao unauza dola 2,565, ofisa akapiga hesabu mbele yangu kwa kikokotoo, 48,000 mara 2,565 ni 123,120,000, ongeza kumi juu, jumla 135,432,000. Nikatoa yote!! Hela ya mzunguko hiyo, ikaingia kwenye akaunti ya dhamana ambayo mimi mwenyewe siruhusiwi hata kuigusa.

Sasa wiki iliyopita dokumenti zimefika, zimekaguliwa, hazina kasoro, Ijumaa naona kwenye stetimenti nimekatwa 126,720,000. Yaani reti 2,640. Nikauliza mbona 2,640 wakati mlichukua hela yangu kwa 2,565, tofauti hapo ni milioni 3 na laki 6 nzima. Jibu eti "reti ni ya siku ya malipo". Sawa, siku ya malipo ni ipi? Maana Mhindi kanitumia picha ya ujumbe wa SWIFT kutoka benki yake, hela zimetoka kwetu JUMANNE. Jumanne ubao wao ulikuwa 2,630, ninayo picha ya ubao.

Halafu kilichonimaliza ni mstari mwingine hapo chini kwenye stetimenti, riba 186,766. Riba ya nini? Eti kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa benki ilikuwa imenilipia kwa hiyo nilikuwa ovadrafti. OVADRAFTI NA MILIONI 135 ZANGU WAMEZIKALIA WAO WENYEWE. Ofisa ananiambia huku anaangalia skrini, hata usoni hanitazami.

Anayejua haya mambo anisaidie, reti halali ni ya siku gani? Ya kufungua LC, ya dokumenti kufika, ya hela kutoka au ya wao kukumbuka kunikata?

Kijana_Ilala:
Pole sana mkuu. Hapo reti ni ya BoT ya siku ile, wanaitoa kila siku kwenye tovuti. Chukua ya Jumanne printi peleka, benki hairuhusiwi kuuza juu ya hapo.

DawatiLaNje:
@Kijana_Ilala hapana, usimpotoshe ndugu yetu. Ile ya BoT ni wastani wa dola zilivyouzwa kwenye soko la mabenki, ni ya kuangalizia. Kila benki ina reti yake ya kununua na ya kuuza, na mwagizaji siku zote anakutana na ile ya kuuza kwa sababu benki ndiyo inamuuzia dola. Akienda na karatasi ya BoT watamwambia asante na stori inaishia hapo. Ila upo sahihi kwamba aiweke, inasaidia kuonyesha soko lilikuwa wapi siku ile.

Mwenye uzi, nimekaa kwenye dawati la biashara ya nje la benki miaka mingi kabla sijatoka. Malalamiko yako yako matatu na umeyachanganya, moja ni gumu kwako, mawili una haki.

Lile gumu ni la milioni 3.6. Ulipoweka shilingi mwezi wa tatu hukununua dola. Zile ni dhamana tu, benki imezishika ili ukikimbia isibaki na deni la Mhindi. Ndiyo maana wakaongeza asilimia kumi juu, kumi ile ni kwa ajili ya shilingi kushuka. Wangekuwa wamekuuzia dola siku ile wangekupa karatasi ya mauzo inayosema dola 48,000 kwa 2,565, na dhamana yako ingekaa kwenye akaunti ya dola. Unayo hiyo karatasi?

PampuZaKisima:
Sina, nina risiti ya kuhamisha shilingi tu. Lakini mkuu hebu nielewe, MIMI NILIWAOMBA waninunulie dola siku ile ile!! Ofisa akasema dola hakuna, foleni ni ndefu, tuweke kwanza shilingi zikipatikana tutabadilisha. Aliniambia kwa mdomo. Kwa hiyo wao hawana dola, hasara ya kushuka shilingi naibeba mimi, na hela yangu miezi yote hiyo wanaizungusha wao bila kunipa hata senti ya riba. Hiyo ni haki??

DawatiLaNje:
Si haki na nakuelewa, mwaka huu dola imewasumbua waagizaji wote. Ila neno la mdomo ofisa atalikana. Kama kuna hata ujumbe wa WhatsApp au barua pepe anasema "tutabadilisha zikipatikana" utafute leo leo, huo unabadilisha kesi, maana siku dola zilipopatikana walitakiwa kukupigia.

Sasa la pili na la tatu, hapa ndipo pakukaza. Benki ilipolipa India Jumanne wewe ulianza kudaiwa. Swali ni moja tu, ulikuwa unadaiwa DOLA au unadaiwa SHILINGI? Kama ni dola, basi mpaka Ijumaa unadaiwa dola 48,000, wanaweza kukubadilishia kwa reti ya Ijumaa 2,640, lakini riba ya siku hizo iwe ya dola, ambayo ni ndogo. Kama ni shilingi, maana yake Jumanne walishabadilisha kwa 2,630, deni ni 126,240,000, na riba ya shilingi inaanzia hapo. Wao wamekuchukulia vyote viwili, reti ya Ijumaa NA riba ya shilingi ya tangu Jumanne. Hiyo 186,766 ukiipigia hesabu kurudi nyuma ni asilimia 18 kwa mwaka, siku tatu, juu ya 126,240,000 kamili. Yaani mfumo wao wenyewe ulikuwa na 2,630 Jumanne! Riba wameihesabu kwa 2,630 halafu kukata wakakata kwa 2,640. Tofauti ni 480,000, na karatasi yao ndiyo inawaumbua.

PampuZaKisima:
Aiseeeee. Nimepiga sasa hivi imetoka 186,766 kweli. Mungu akubariki mkuu.

WakalaBandari:
Mbona mnazungushana, reti ya mzigo ni ile iliyo kwenye mfumo wa forodha siku unasajili tamko, hiyo haibadilishwi na benki yoyote. Mimi nimetoa makontena kibao, angalia karatasi yako ya kodi imeandikwa ngapi, ndiyo hiyo hiyo.

DawatiLaNje:
Hiyo ni ya kukokotolea ushuru na VAT ndugu yangu, haina uhusiano na bei ambayo benki inamuuzia dola. Yanaweza kuwa tofauti siku moja na yote yakawa sahihi.

Mama_Kontena:
Mimi niko Mombasa, poleni huko. Wacha niwape yangu. Mwishoni mwa mwaka jana shilingi yetu ilikuwa inaanguka kila siku, nikaogopa, LC yangu ilikuwa ya siku 90 tangu tarehe ya BL, ile hati ya mzigo kupakiwa melini. Nikaambiwa na benki kuna fowadi, tunakubaliana reti leo unalipa nayo siku ile. Nikafunga 165 kwa dola. Mwezi wa pili serikali ikanunua tena sehemu kubwa ya ile Eurobond, deni lake la dola, shilingi ikapanda kwa kasi, kufika mwisho wa mwezi wa tatu dola iko kama 130 hivi na mimi nimefungwa 165. Nililipa. Nililia lakini nililipa, kwa sababu karatasi nilisaini. Kwa hivyo ndugu zangu msidhani fowadi ni dawa, ni kujua tu utalipa ngapi basi, soko likienda upande wako hupati kitu.

Kijana_Ilala:
Kwa hiyo dada yangu bora angekaa bila fowadi?

Mama_Kontena:
Sijasema hivyo. Mimi bei ya kuuza nilikuwa nimeshawapa wateja kwa hesabu ya 165, faida yangu ndogo ilibaki. Kilichoniumiza ni wenzangu walioleta mzigo ule ule kwa 130 wakauza chini yangu. Sasa hivi nafunga nusu tu, nusu naacha.

DawatiLaNje:
Umesema kweli mama. Na huku kwetu kipindi hiki kuipata fowadi yenyewe ni shughuli, benki isiyo na dola ya leo haitakuahidi ya miezi mitatu ijayo kwa bei ya kueleweka.

Mwenye uzi fanya hivi. Usipeleke picha ya Mhindi, omba kwa maandishi benki yako ikupe nakala ya ujumbe wake wa MT202 wa malipo yale. Kuna sehemu imeandikwa 32A, hapo utaona tarehe, sarafu na kiasi kwa pamoja, hiyo tarehe haina ubishi. Omba pia nakala ya fomu uliyosaini ya kuomba LC. Watu wanataja UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, ile inaongoza mambo ya dokumenti, kama zile siku 5 za kazi za kukagua, reti kati yako na benki yako haimo humo. Reti imo kwenye fomu.

PampuZaKisima:
Fomu ninayo nyumbani, nimeenda kuichukua, maandishi madogo kama sisimizi. Kipengele chenyewe nakiweka kwa Kiswahili: mwombaji atailipa benki kwa reti ya benki ya kuuzia inayotumika tarehe ya malipo. Basi. Malipo ya nani kwa nani?? Ya wao kwenda India au ya mimi kwenda kwao? Wao wanasoma ya pili, mimi nasoma ya kwanza.

DawatiLaNje:
Hapo ndipo benki nyingi zinapoteleza. Kwangu mimi, kwa kuwa hela taslimu walikuwa nazo tayari hawakuwa na sababu ya kusubiri mpaka Ijumaa, dhamana ilitakiwa ikate yenyewe siku ile ile ya 32A. Mwanasheria wao atasema vinginevyo. Andika barua, dai 480,000 na 186,766 kwa pamoja, wape nafasi wajibu, wakikaa kimya au wakikupiga chenga peleka dawati la malalamiko BoT ukiwa na barua yenye muhuri wa kupokelewa. La milioni 3.6 liweke barua nyingine kabisa, ukiyaunganisha watajibu lile gumu tu na haya mepesi watayaruka.

Kijana_Ilala:
Na ile ziada ya milioni 8.7 ya dhamana wamemrudishia?

PampuZaKisima:
BADO!!! Imebaki 8,712,000 kwenye akaunti yao, wanasema inasubiri idhini ya makao makuu. Barua naandika usiku huu, muhuri lazima nigongewe kesho kabla ya saa nne, na hiyo ziada naidai humo humo.