Mizani 16 zimetimia, mbona mshororo hauimbiki?

Muulizaji: Nina mishororo miwili. Wa kwanza: *Bahari ikichafuka, mabaharia hulia.* Wa pili: *Nahodha wa chombo alishindwa kuongoza njia.* Yote ina mizani 16, nimehakikisha. Lakini wa kwanza unaimbika wenyewe, wa pili unajikwaa. Rafiki yangu aliyesomea ushairi wa Kiingereza ananicheka, anasema hayo ndiyo malipo ya kuhesabu silabi kama karanga, na kwamba muziki uko kwenye mkazo wa sauti. Je, tumekuwa tukihesabu kitu kisicho na maana?

Mwalimu wa Kidato: Mizani haina kosa hapo, kosa ni vina. Mshororo wa kwanza una kina cha kati *-ka* na cha mwisho *-a*. Wa pili una *-a* mwisho, lakini katikati hakuna kitu. Tafuta neno linaloishia *-ka*, uliweke kwenye mizani ya nane, mambo yataisha. Wanafunzi wangu hukosea hapo hapo kila mwaka.

Mkongwe wa Tungo: Mwalimu, umegusa jeraha lakini hujafika kwenye mwiba. Hata shairi likiwa guni, halina kina cha kati hata kimoja, mshororo huo utaendelea kujikwaa. Hebu tuuhesabu kwa sauti: *na-ho-dha wa cho-mbo a-li*. Hapo tumefika nane, na hapo ndipo mwimbaji anapovuta pumzi. Sasa angalia pumzi imeangukia wapi: katikati ya neno *alishindwa*. Ukwapi umebaki na *ali*, utao umeanza na *shindwa*. Nani anayeongea hivyo?

Hii ndiyo sababu wazee hawakusema “mizani 16” kisha wakanyamaza. Walisema nane na nane. Kumi na sita ni jumla tu, na jumla haisikiki. Sikio la mtu haliwezi kushika silabi 16 mfululizo likajua kwamba si 15. Nane linaishika, hasa likipewa pumziko la kuegemea. Kwa hiyo ndugu muulizaji, ulihesabu sawasawa ila ulihesabu kitu kirefu mno. Jaribu hivi:

*Bahari ikichafuka, mabaharia hulia,*
*Chombo kinapepesuka, nahodha kakosa njia.*

Muulizaji: Huo unaimbika! Na kina cha kati kimekuja chenyewe, Mwalimu naye apate haki yake.

Rafiki wa Mikazo: Mimi ndiye rafiki anayetajwa, na sijashawishika. Mkongwe, nyinyi hamhesabu mkazo, lakini niambie ni nini kinachofanya sikio litambue kwamba ukwapi umeisha. Si nambari nane; hakuna anayeimba huku anakunja vidole. Kinachosikika ni *-FU-ka*, *-SU-ka*. Mkazo, kisha silabi laini. Kwa hiyo mkazo ndio unaofanya kazi, nyinyi mnaupa sifa mizani.

Mkongwe wa Tungo: Hoja nzuri, na nusu yake naikubali bila ubishi. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa maneno machache ya mkopo. Kwa hiyo kipande cha mizani nane kikiishia neno zima, mkazo wa mwisho utaangukia mizani ya saba, utake usitake. Hiyo ndiyo sahihi ya kipande: saba inapanda, nane inatua.

Lakini tazama kinachotokea kabla ya hapo, kwa vipande vyetu vinne. *Bahari ikichafuka*: mkazo uko kwenye silabi ya pili, kisha ya saba. *Mabaharia hulia*: ya nne na ya saba. *Chombo kinapepesuka*: ya kwanza na ya saba. *Nahodha kakosa njia*: ya pili, ya tano na ya saba. Saba imesimama palepale mara zote nne, na mikazo mingine inatembea inavyotaka. Kama ungekuwa unahesabu mikazo, hivi ni vipande vya aina mbili tofauti, vitatu vyenye mikazo miwili na kimoja chenye mitatu, na ungelazimika kukifukuza kimoja. Kwa mizani, vyote ni ndugu.

Na lugha yenyewe inadai hivyo. *Walipokusanyikana* ni neno moja, mizani nane kamili, mkazo mmoja. *Baba yangu, mama yangu* ni mizani nane pia, mikazo minne. Utenzi unavibeba vyote katika ubeti mmoja bila kutetereka. Ukianza kudai mikazo minne kila kipande, utajikuta unatunga kwa maneno ya silabi mbili mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na vitenzi vyetu virefu, ambavyo ndivyo utamu wa lugha, utavitupa nje.

Rafiki wa Mikazo: *Walipokusanyikana* haina mkazo mmoja tu. Ukiitamka polepole kuna vimikazo vidogo njiani. Lakini nakubali kwamba havina nguvu ya kubeba mstari. Bado nasema msingi wa muziki huu ni hiyo saba yako. Ingekuwa haipo, nane zenu zingekuwa hesabu ya dukani.

Mkongwe wa Tungo: Hapo hatugombani sana, kaka.

Binti wa Kasida: Naomba niseme kama muimbaji, maana nyote mnasoma kwa macho. Sisi tukiimba, mkazo wa neno tunaweza kuuhamisha. Lahani ikitaka kukaa kwenye *dha* ya *nahodha*, itakaa, na hakuna msikilizaji atakayelalamika. Na hiyo silabi ya nane mnayoiita laini ndiyo tunayoivuta kuliko zote. Ndiyo maana kina kinasikika. Mkiisoma, *-ka* inapita haraka. Tukiiimba, inabaki hewani.

Mizani ikizidi moja, sauti inaweza kubana silabi mbili mahali pa moja. Ikipungua, tunaivuta. Tunafanya hivyo mara nyingi kuliko watungaji wanavyojua. Ila pumziko la kati likiangukia ndani ya neno hakuna cha kufanya. Ama nipumue na neno livunjike, ama nisipumue na mshororo wa tatu unikute sina pumzi. Kwa hiyo namuunga mkono mzee wangu Mkongwe, ingawa kwa sababu nyingine.

Kijana wa Bara: Jamani, mimi mizani ilininyima nafasi kwenye mashindano ya shule. Kipande changu kilikuwa *Mtu mbaya hafichiki*. Nilihesabu *m-tu mba-ya ha-fi-chi-ki*, nane. Jaji akasema ni tisa, akakata alama. Mpaka leo sijaelewa. *Mbaya* si ni silabi mbili?

Mwalimu wa Kidato: *Mbaya* ni mbili. Jaji alikosea.

Mkongwe wa Tungo: Mwalimu, taratibu. *Mbaya* ni mbili katika *kazi mbaya*, lakini ni tatu katika *mtu mbaya*. Herufi ni zilezile, uzito si mmoja. Ukitaka kujua, weka *-zuri* mahali pa *-baya*. Ukipata *mzuri*, kama *mtu mzuri*, basi *m* inasimama yenyewe na ina mizani yake: *m-ba-ya*. Ukipata *nzuri*, kama *kazi nzuri*, imegandamana na *b*: *mba-ya*. Kwa hiyo *Mtu mbaya hafichiki* ni tisa kweli. Ungeandika *Kazi mbaya hufichuka*, ingekuwa nane na jaji angenyamaza. Ni vilevile kwa *mbovu*: mtu *m-bo-vu*, nyumba *mbo-vu*.

Kijana wa Bara: Lakini huku kwetu hatutofautishi! Tukisema *mtu mbaya* na *kazi mbaya*, *mbaya* ni ileile. Sasa ninahesabu kwa sikio langu au kwa sikio la mtu wa Pwani?

Binti wa Kasida: Kwangu Tanga tofauti hiyo inasikika wazi, mdogo wangu. Ila swali lako si la kijinga.

Mkongwe wa Tungo: Si la kijinga, na sina jibu la kukuridhisha. Mizani ni hesabu ya matamshi, na matamshi si mamoja. *Labda* mmoja ataihesabu mbili, *lab-da*, mwingine ataiimba *la-bu-da*, tatu, na watungaji hutumia mlango huo wanapopungukiwa. Kwenye mashindano, hesabu kama jaji. Kwenye diwani yako, mimi ningedai jambo moja tu: ukichagua, usigeuke katikati ya shairi.

Mpenda Huru: Mjadala huu si ulishafungwa? Kezilahabi alitoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 na akaonyesha kwamba ushairi haudai vina wala mizani. Mnafufua ugomvi wa miaka ya sabini.

Mkongwe wa Tungo: Hapana, shekhe. Hakuna hapa aliyeuliza kama lazima tuhesabu. Swali ni: ukihesabu, unapata nini? Asiyetaka asihesabu, atunge atakavyo.

Msomaji wa Mombasa: Niongeze moja kabla hatujaifanya nane kuwa dini. *Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate haitumii nane. Pumziko linakuja baada ya mizani ya sita, kisha zinabaki tano. Mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kwa hiyo badala ya ule mwendo wa sawa kwa sawa wa shairi, unasikia mtu anayeanza kueleza kisha anakata ghafla. Kwa utungo unaozungumzia majumba yaliyogeuka magofu, mwendo huo unafaa kuliko nane kwa nane. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu: ukibadilisha nambari, unabadilisha tabia ya sauti, hata kama mikazo umeiacha huru.

Mwalimu wa Kidato: Mimi nilisoma kwamba *Inkishafi* ina mizani kumi kwa mshororo.

Msomaji wa Mombasa: Nimeona hivyo pia mahali. Chukua nakala uliyonayo, usome ubeti wowote polepole, silabi kwa silabi. Mimi napata 11, sita na tano. Ukipata kumi, utakuwa umeunganisha irabu mbili mahali ambapo mimi nazitenga.

Rafiki wa Mikazo: Sasa nami nimewashikeni. Mkongwe, ulisema saba inapanda, nane inatua, utake usitake. Vipi kipande hiki: *Alibaki mmoja tu*? *A-li-ba-ki m-mo-ja tu*. Nane kamili, kinaishia neno zima, na mkazo uko kwenye *mo*, silabi ya sita.

Binti wa Kasida: Ukiniimbisha hicho, nitakaza *ja* bila kufikiri. *MmoJA-tu*, kama neno moja.

Mkongwe wa Tungo: Mimi nisingekiimba kabisa. Nane imetimia na bado kinaniachia mguu hewani. Ningeandika *Akabaki peke yake*, nikaendelea na safari.

Rafiki wa Mikazo: Kwa hiyo nane haikutosha!

Mwalimu wa Kidato: Lakini kwenye mtihani kinapita. Nane ni nane, siwezi kumkata mwanafunzi alama.

Binti wa Kasida: Mwalimu, hebu kiimbe kwanza.