JBL Flip 6 mbili sebuleni, kelele imeongezeka lakini sauti haijapanuka

Waja_Leo: Wakuu, habari za jioni. Niko Chumbageni, Tanga. Nilikuwa na Flip 6 moja, mwezi uliopita nikaongeza ya pili, ileile, nikijua sebule itajaa. Nimeziweka huku na huku mwa runinga, nikabonyeza kitufe cha PartyBoost kwenye zote mbili, zikatambuana, muziki ukatoka kote. Lakini kilichoongezeka ni kelele tu. Gitaa, ngoma, mwimbaji, vyote nasikia vinatoka kwenye spika iliyo karibu na kochi langu. Mke wangu ananiangalia tu. Nimekosea wapi?

Kijana_Raskazone: Tatizo simu mkuu. Tafuta Samsung yenye Dual Audio, unaunganisha spika mbili kwa mpigo. Kwangu inakubali.

FundiNgamiani: Kijana, ni kweli Dual Audio inapeleka muziki kwenye spika mbili, ila kila moja inapata wimbo mzima. Hakuna kushoto wala kulia, na mara nyingi moja inachelewa kidogo, unasikia kama mwangwi.

Waja_Leo, hujaharibu kitu. Kitufe kile kinakuweka kwenye hali ya Party, ambapo spika zote mbili zinasema neno lilelile. Zikisema sawa, sikio linashika ile ya karibu, ndiyo maana unaona kama ya pili haipo. Fanya hivi: simu iunganishwe na spika moja tu, ile ya pili itapokea kutoka kwa mwenzake. Kama ya pili iliwahi kuunganishwa na simu ya mtu mwingine hapo nyumbani, azime bluututhi kwanza. Bonyeza PartyBoost kwenye zote, kisha fungua programu ya JBL Portable, utoe Party uweke Stereo. Hapo ndipo moja inakuwa ya kushoto na nyingine ya kulia. Lazima ziwe aina moja. Flip 6 na Charge 5 zitakubaliana kwenye Party, kwenye Stereo hapana.

Mama_Duga: Na mimi nisaidieni hapohapo. Yangu nimeunganisha na runinga, mtangazaji anafunga mdomo ndipo maneno yanakuja!

FundiNgamiani: Shikamoo mama. Hiyo ni bluututhi yenyewe, sauti inachelewa njiani, na ukiweka mbili inaweza kuzidi. Tazama kwenye mipangilio ya sauti ya runinga kama kuna sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji. Kama haipo, kwa kutazama taarifa ya habari tumia spika nyingine ya waya, maana Flip 6 haina tundu la waya wa sauti.

Waja_Leo: Nimerudi. Nimeweka Stereo, programu inaonyesha L na R. Nikaandika YouTube `left right stereo test`. Yule mtu anasema "left", inatoka kote kuwili! Anasema "right", kote kuwili! Sasa?

FundiNgamiani: Simu ni Android? Ingia Settings, kisha Accessibility, utafute `Mono audio`. Imewashwa?

Waja_Leo: Duh. Imewashwa. Nakumbuka, niliiwasha mwaka jana sikio moja lilipokufa kwenye ile earphone ya zamani, nisikose nusu ya wimbo. Nimeizima. Sasa "left" ni kushoto peke yake. Kumbe simu ilikuwa inachanganya kabla hata haijafika kwenye spika.

FundiNgamiani: Sasa hamisha spika. Zina umbali gani?

Waja_Leo: Kama sentimita 70, ziko juu ya kabati la runinga.

FundiNgamiani: Karibu mno. Zitenganishe mita 2, na wewe ukae mita 2 hivi kutoka kila moja. Zisogeze mbali kidogo na ukuta, ziwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, uzigeuze kidogo zikutazame.

Waja_Leo: Moja nimeipandisha juu ya stuli ya mkaa, nyingine kwenye kiti cha plastiki, mke wangu anacheka. Lakini mwimbaji sasa yuko katikati kabisa, ukutani pasipo na spika! Gitaa liko kule dirishani. Nikihamia ncha ya kochi anahama naye.

Ila taarabu za zamani za Black Star alizoniachia baba, kila kitu kiko palepale katikati.

Kijana_Raskazone: Hizo labda faili mbovu mkuu, pakua upya.

FundiNgamiani: Si lazima ziwe mbovu. Rekodi nyingi za enzi zile ni mono, hakuna cha kutenganisha. Zikisikika katikati safi, pea yako iko sawa.

Waja_Leo: Sawa. Jambo moja bado: jana nimezima spika, leo asubuhi nimewasha zimerudi Party. Ni kila mara hivi?

Mama_Duga: Za mwanangu hazirudi.

FundiNgamiani: Zangu hurudi nikianza kuwasha ile ya pili. Hebu zizime zote, uwashe kwanza ile iliyoshika simu, utuambie.