Nimewaandikia kuhusu kaseti ya harusi, sijui kama nimewakatia tamaa mno

Fundi wa Kadutu: Wandugu, familia moja hapa Bukavu imeniletea VHS ya harusi ya 1992. Wanataka sura ya marehemu koko yao ionekane kama ya simu. Kabla sijapeleka barua, someni kipande hiki:

"Picha inayoyumba kama nguo kwenye kamba nitaituliza, na rangi iliyoelekea bluu nitaisawazisha. Mistari inayocheza chini kabisa nitaifunika. Lakini koko amesimama mbali, kwenye mlango wa kanisa. Uso wake una nukta kama 20 tu kwa urefu. Nikiunoa zaidi, mtapata uso wa mtu msiyemjua."

Kinachonisumbua ni gauni la bibi harusi. Ni jeupe tupu, mikunjo haionekani. Niwaambie imepotea?

Kijana wa Ibanda: Safisha kichwa cha deki, halafu hamishia kwa 4K. Itang'aa.

Mzee Kamera: Kichwa asafishe, hapo umesema kweli. Ila 4K haiongezi kitu ambacho mkanda haukuandika. Kwa mkanda wa PAL, 720 kwa 576 inatosha.

Fundi, usiwaambie bado. Pengine weupe umekatwa na kifaa chako wakati picha inaingia kwenye kompyuta. Ukipunguza mwanga baada ya hapo, umechelewa. Rudisha mkanda kwenye kipande kilekile, shusha mwanga kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe, kisha urekodi upya. Mikunjo ikitokea, ilikuwemo. Gauni likigeuka kijivu bapa, basi imepotea tangu siku ile juani, au pale kaseti iliponakiliwa. Hiyo ni kaseti ya kwanza au ni nakala?

Mama Furaha: Na yangu? Ina unga mweupe pembeni mwa mkanda. Nimeiingiza kwenye deki, ikaonyesha kidogo, sasa picha ni theluji tupu.

Mzee Kamera: Mama, huo ni ukungu, itoe. Usiweke kaseti nyingine kabla deki haijasafishwa, utaziambukiza zote. Na hiyo usiizungushe tena mpaka mtu aifungue na kuupangusa mkanda.

Mama Furaha: Nilishaweka ya ubatizo jana. Mungu wangu.

Fundi wa Kadutu: Nimejaribu, Mzee. Mikunjo ya mkono wa gauni imerudi, hata kamba ya maua inaonekana. Begani ni kijivu bapa. Barua nimeibadilisha: "mkono ndiyo, bega hapana". Koko nimemwacha vilevile.

Kuhusu nakala, wanasema shangazi wa Uvira ndiye aliyebaki na kaseti ya kwanza. Simu yake haipatikani tangu juzi.

Kijana wa Ibanda: Mimi bado ningewapa 4K. Wateja wanaipenda.