Alkoholi ya bia inatozwa 22.50, ya pombe kali 10. Nani alipiga hesabu hii?

Mpiga Hesabu:
Wakenya wenzangu, nimekasirika, na hesabu naiweka hapa kila mtu aikague. Tangu 27 Desemba 2024 ushuru wa bidhaa kwenye pombe hautozwi tena kwa lita ya kinywaji, bali kwa kila sentilita ya alkoholi iliyomo ndani. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni viwango: bia shilingi 22.50, pombe kali shilingi 10.

Chukua bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2. Ndani mna sentilita 2.1 za alkoholi, kwa hiyo ushuru ni shilingi 47.25. Sasa chukua kwota ya mililita 250 yenye asilimia 40. Ina sentilita 10, ushuru shilingi 100. Alkoholi hiyo hiyo ukiitafuta kwenye bia utahitaji karibu chupa tano, na ushuru wake utafika 225!

Pombe inatozwa zaidi ya sabuni kwa sababu hasara yake haimwishii mnywaji. Kuna aliyegongwa na pikipiki, kuna kitanda cha hospitali ya kaunti, kuna mke na watoto. Hasara hiyo inaletwa na alkoholi, hailetwi na maji yaliyoichanganya. Basi kwa nini sentilita moja itozwe chini ya nusu ya nyingine, tena ile inayolewesha haraka na kwa bei nafuu?

Baba Shiro:
Ndugu, usijisumbue na mambo ya afya. Serikali inataka pesa. Wanajua mlevi haachi, kwa hiyo wakipandisha ushuru, mapato yanapanda tu.

Mpiga Hesabu:
Mlevi sugu haachi upesi, hapo umesema kweli. Lakini anahama. Mwaka 2013 bia ya keg ilipunguziwa msamaha wa ushuru, mauzo yake yakaanguka vibaya, na 2015 serikali ikalazimika kurudisha msamaha wa asilimia 90. Wanywaji wa keg hawakuhamia bia ya chupa. Wengi walirudi kwenye chang'aa, isiyolipa hata senti.

Duka la Kona:
Mimi nina shida na stempu za ushuru zinazobandikwa kwenye chupa. Msambazaji mmoja aliniletea katoni, nikaskani stempu kwa Soma Label, ile programu ya simu ya KRA, jina likatokea la kinywaji kingine kabisa. Nikikamatwa nayo ni mimi nitalala ndani, si yeye. Ushuru huu mpya unanisaidiaje?

Karani Mstaafu:
Dada, hilo ni jambo tofauti ila ni zito. Stempu halali huonyesha jina la bidhaa ile ile uliyoshika. Ikitaja nyingine, huenda imebanduliwa kwenye chupa halali au imeghushiwa. Usiiweke rafuni. Ripoti kabla hujauza hata moja, na risiti ya msambazaji uiweke vizuri.

Nikirudi kwa mwenye uzi: hesabu yako ni sahihi, ila umeacha ilikotoka. Zamani bia ilitozwa 142.44 kwa lita na pombe kali 356.42. Ukigawa kwa asilimia zako, sentilita ya bia ilikuwa ikilipa karibu 33.90, ya pombe kali karibu 8.90. Pengo lilikuwa karibu mara nne, sasa ni mara mbili na robo. Isitoshe, zamani kiwanda hakikupata faida yoyote ya ushuru kwa kupunguza makali. Leo kwota ya asilimia 33 inalipa 82.50, ya asilimia 40 inalipa 100. Kiwanda kina sababu ya kuteremsha.

Mpiga Hesabu:
Mzee wangu, nakubali pengo limepungua. Lakini limepunguzwaje? Kwota ya asilimia 40 ilitoka 89.11 ikaenda 100. Bia ile ile ilitoka 71.22 ikashuka hadi 47.25. Na kwota yako ya asilimia 33 nayo imepata nafuu, kwa sababu chochote kilicho chini ya asilimia 35.6 kinalipa pungufu kuliko zamani. Kwenye sigara walifanya ilivyopasa: yenye kichujio na isiyo nacho zote sasa ni 4,100 kwa sigara elfu, yaani shilingi 4.10 kila moja. Isiyo na kichujio ilikuwa 2.93, kwa hiyo mvutaji hana tena kichochoro cha kukwepea. Kwa nini pombe isifanyiwe hivyo?

Karani Mstaafu:
Kwa sababu sigara haipikwi kwenye pipa nyuma ya nyumba. Ukipeleka pombe kali 22.50, kwota ile inalipa ushuru wa 225, na VAT ya asilimia 16 inakaa juu yake. Mnywaji atakwenda wapi?

Mpiga Hesabu:
Sijasema waruke hadi 22.50 kwa siku moja. Waanze 13, kisha wapande kila mwaka. Tatizo ni kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa kifungu cha kurekebisha viwango kulingana na mfumuko wa bei. Ile shilingi 10 inaliwa na bei za bidhaa kila mwaka, bila mbunge yeyote kupiga kura ya kuishusha.

Duka la Kona:
Hiyo 13 mkiipitisha, wateja wa kwota watanikimbia waende kwa yule anayeuza bila stempu. Nyinyi pigeni hesabu, lakini yeye nani atamfungia?

Karani Mstaafu:
Kwenye hilo sina jibu la kukupa.